Hesabu ya Waya Haipimwi Sakafuni

Wenye nyumba wengi hupanga bajeti ya umeme kwa kutazama ramani. Wanapima umbali kutoka chumba hadi chumba, wananunua waya kwa hesabu hiyo, na kazi ikifika katikati fundi anawarudisha dukani. Waya hautembei sakafuni. Hupanda hadi darini, hukata juu kwa juu, kisha hushuka ukutani mpaka kwenye soketi.

Tuchukue nyumba mpya yenye sebule ya mita 4 kwa 4 na vyumba viwili vya kulala. Dari iko mita 3 juu, soketi ziko sentimita 30 kutoka sakafuni, na kisanduku cha breka kipo sebuleni, mita 1.8 kutoka chini. Sebuleni tunataka soketi tatu. Kwenye ramani, kutoka kisandukuni hadi soketi ya kwanza ni mita 3, halafu mita 4 hadi ya pili na 4 hadi ya tatu, jumla mita 11. Sasa fuata njia yenyewe. Kutoka kisandukuni waya unapanda mita 1.2, unakata mita 3 darini, unashuka mita 2.7. Ili ufike soketi ya pili, unapanda tena 2.7, unakata 4, unashuka 2.7; ni mita 9.4. Ya tatu ni vivyo hivyo. Jumla inakaribia mita 26, zaidi ya mara mbili ya zile za ramani.

Soketi nne za vyumbani, kwa hesabu hiyo hiyo, zinafuata njia ya mita 38 hivi. Zote pamoja ni 64. Ongeza asilimia 10 ya ncha na vipande vinavyopotea, unapata mita 70. Ndani ya bomba hupita nyaya tatu: laini, nyutro na ethi. Kwa hiyo unahitaji mita 70 za kila rangi, yaani roli tatu za waya wa 2.5 za mita 100 kila moja. Soma lebo, maana zipo roli za mita 90.

Taa hutumia waya wa 1.5. Tuna taa tano, tatu za vyumbani na mbili za nje, na swichi nne, mojawapo ikiwa ya vitufe viwili kwa taa za nje. Hapa wengi husahau kwamba laini hushuka hadi kwenye swichi, kisha hurudi juu kwenye taa. Ndiyo maana kwenye nyumba hii laini inakaribia mita 60, ilhali nyutro na ethi zinatosha mita 22 kila moja. Nunua roli moja ya laini, na nyingine kata kwa mita kama duka linakubali.

Kisanduku cha nafasi sita kinafaa ingawa leo tunatumia breka tatu: mbili za ampia 20 za soketi na moja ya ampia 10 ya taa. Nafasi zilizobaki ni za jiko la umeme au hita ya maji, ambazo hudai waya mnene zaidi na breka yake yenyewe. Usiifute kwenye orodha breka ya uvujaji ya miliampia 30. Breka za kawaida hulinda waya. Hii ndiyo inayomlinda mtoto aliyegusa friji yenye hitilafu.

Ufundi hutozwa kwa pointi, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Nyumba yetu ina soketi saba, taa tano na swichi nne. Kuna fundi anayehesabu pointi 16, na kuna anayehesabu taa pamoja na swichi yake kuwa pointi moja, akapata 12. Kwa mfano wa shilingi 10,000 kwa pointi, tofauti ni shilingi 40,000. Kubalianeni kabla, na muulize kama kuchimba ukuta na kufunga kisanduku vimo. Hakikisha ana leseni ya EWURA, kwa sababu TANESCO watahitaji uthibitisho wa mkandarasi ndipo wakuunganishie. Mlipe kwa hatua: mabomba kabla ya plasta, nyaya baada ya plasta, vifaa mwishoni.

Ukiona roli ya 2.5 inauzwa chini mno ya bei za maduka mengine, ipime uzito. Shaba peke yake kwenye mita 100 za waya huo hufikia kilo 2.2, bila ganda la plastiki. Roli nzima ikiwa chini ya hapo, waya ni mwembamba au ni alumini iliyopakwa shaba. Ikate ncha, uikwangue kwa wembe, na ukiona weupe ndani irudishe. Waya wa namna hiyo huchemka ukutani wakati breka ya ampia 20 bado haijaona sababu ya kukata.