Kola ya farasi na planta: kipi kilianza?

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Bwana shamba, nianze na trekta au planta?" Leo nawajibu kwa historia ya Ulaya, maana wenzetu kule walipata nguvu ya kuvuta karne nyingi kabla ya planta.

Zamani farasi alifungwa mikanda shingoni na kifuani. Mkanda ukipanda juu wakati wa kuvuta, unabana koo. Kuanzia karne ya 9 hivi ikaenea kola: mto mnene wa ngozi uliojazwa mabua, unaokaa mabegani. Hapo farasi akasukuma kwa mabega huku anapumua vizuri. Kwa vile anatembea haraka kuliko ng'ombe, alilima eneo kubwa zaidi kwa siku. Ila kola isiyomkaa sawa humtoa vidonda, na farasi mwenyewe anakula nafaka. Ndiyo maana wakulima wengi wa Uingereza waliendelea na maksai kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye mbegu. Zilirushwa kwa mkono: nyingine zikaenda chini mno, nyingine zikabaki juu zikaliwa na ndege. Enzi zile gunia 1 la ngano iliyopandwa lilirudisha kama magunia 4. Toa 1 la mbegu ya msimu ujao, unabaki na 3.

Mwaka 1701 hivi, Mwingereza Jethro Tull akatengeneza mashine ya kukokotwa na farasi. Mbegu zilikaa kwenye sanduku, rola yenye vishimo ikazidondosha kidogo kidogo, meno ya mbele yakachimba mifereji 3, na haro ya nyuma ikafukia.

Piga hesabu. Tuseme mistari inakupunguzia mbegu hadi nusu gunia, na mavuno yanabaki yale yale 4. Mkononi una magunia 3 na nusu, kabla mavuno hayajaongezeka hata kidogo! Halafu kwenye mistari, farasi mwenye kola anapita katikati akivuta jembe la palizi. Kwenye mbegu za kurusha angekanyaga mazao.

Lakini mashine ile ilikuwa ghali na laini, ikachukua zaidi ya miaka 100 kuzoeleka. Na Tull aliamini kutifua udongo kunatosha, samadi haina haja. Hapo alikosea, msimuige.

Tatizo moja la planta lipo mpaka leo: mrija ukiziba, huoni kitu mpaka mbegu ziote na mstari mzima uwe mtupu. Kwa hiyo simama kila baada ya hatua kadhaa, fukua kidogo, hesabu mbegu.

Jibu langu basi: kama nguvu ya kuvuta unayo, hata ya kukodi, pesa inayofuata iende kwenye planta.