Saratani Ipo, Dawa Bado

Mtu akiambiwa ana saratani ya damu, kisha daktari akamruhusu arudi nyumbani bila dawa na kumpangia tarehe ya miezi 3 ijayo, jamaa zake hushtuka. Wapo watakaodhani hospitali imekata tamaa, na wapo watakaoanza kuchangishana fedha wampeleke kwingine. Hata hivyo, kwa lukemia sugu ya limfosaiti ambayo haijaleta madhara, kusubiri huku mgonjwa akifuatiliwa ndiyo huduma inayofaa.

Lukemia hii huwapata zaidi wazee. Chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti B hurundikana taratibu katika damu, uboho, mitoki na wengu. Mara nyingi hugunduliwa mtu anapopimwa damu kwa ajili ya jambo jingine kabisa.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu mwenye miaka 66, aliyepimwa kabla ya upasuaji wa ngiri. Limfosaiti zake ni 22,000 katika kila mikrolita ya damu, ilhali kwa kawaida mtu mzima hazidi 4,000 hivi. Himoglobini ni 13, chembe sahani ni 210,000, hana mitoki wala homa. Ile 22,000 ndiyo inayoitisha familia, lakini daktari anaangalia zaidi tarakimu nyingine mbili, kwa kuwa zinaonyesha kwamba uboho bado unatengeneza damu ya kutosha. Wingi wa limfosaiti peke yake si sababu ya kuanza dawa.

Kwa nini asitibiwe mapema? Swali hilo lilijaribiwa Ufaransa, katika tafiti mbili zilizohusisha wagonjwa 1,535 wa hatua ya mwanzo, na matokeo yakachapishwa 1998. Baadhi walipewa klorambusili mara moja, wengine wakasubiri. Dawa ilichelewesha ugonjwa kusonga mbele, lakini waliotibiwa mapema hawakuishi muda mrefu kuliko waliosubiri. Katika utafiti wa kwanza, karibu nusu ya waliosubiri hawakuwa wamehitaji tiba hata baada ya zaidi ya miaka 11. Wangetibiwa tangu mwanzo, wangebeba kichefuchefu, maambukizi na gharama pasipo faida.

Pengine dawa ile ilikuwa dhaifu mno? Watafiti wa Ujerumani walijaribu tena kwa kidonge kipya zaidi, ibrutinibu, wakiwapa wagonjwa wa mapema ambao ugonjwa wao ulielekea kukua haraka. Kidonge kilizuia ugonjwa vizuri, lakini hakikurefusha maisha kuliko kidonge kisicho na dawa, na wapo waliopata matatizo ya kutokwa damu na mapigo ya moyo. Dawa hizi huudhibiti ugonjwa bila kuung'oa, na zinaweza kuudhibiti hata zikianzishwa baadaye, dalili zinapojitokeza.

Turudi kwa mwalimu. Baada ya miaka 2 limfosaiti zimefika 45,000. Zimeongezeka maradufu, ila polepole. Anaendelea kusubiri. Mwaka wa 4 anaanza kuchoka, himoglobini imeshuka hadi 9.4 na wengu unapapasika. Kwanza daktari anahakikisha kwamba upungufu huo wa damu hautokani na malaria, ukosefu wa madini ya chuma au kinga ya mwili inayovunja chembe nyekundu. Ikithibitika kwamba uboho umezidiwa, wakati wa tiba umefika.

Dalili nyingine za kuanza tiba ni chembe sahani kushuka chini ya 100,000, limfosaiti kuongezeka maradufu ndani ya miezi 6, wengu au mitoki mikubwa sana, kupungua uzito kwa asilimia 10 katika miezi 6, na homa au jasho jingi la usiku lisilo na maelezo. Kwa Afrika Mashariki, kabla ya kulaumu lukemia kwa homa, jasho na kukonda, ni lazima kifua kikuu kitafutwe.

Kanuni hii haihusu kila saratani ya damu. Lukemia kali, limfoma ya Burkitt na lukemia sugu ya mieloidi hutibiwa mara tu zinapothibitishwa. Ndiyo maana jina kamili la ugonjwa liandikwe kwenye cheti.

Anayesubiri naye ana kazi. Kinga yake ni dhaifu, hivyo apate chanjo za mafua na nimonia, aepuke chanjo zenye virusi hai, na awahi hospitali akipata homa. Mtoki ukivimba ghafla, asingoje tarehe yake: mara chache lukemia hii hugeuka limfoma kali. Kila anapotoka kliniki awe na mambo matatu kwenye karatasi: vipimo vya leo, tarehe ya kurudi, na dalili za kumrudisha mapema. Akikosa hayo, hafuatiliwi. Ameachwa, na ana haki ya kuyadai.