Picha ya mwanangu iliyopotea, na nilivyoisoma vibaya

Picha ninayotaka kuizungumzia haipo tena. Niliiwashia jiko mwenyewe, asubuhi moja ya mvua hapa Keroka, nikidhani ni bili ya stima iliyokwisha lipwa. Ilikuwa bili kweli, ila nyuma yake binti yangu wa miaka sita alikuwa amechora. Sisi ni watu wa Mombasa. Biashara ya nguo ndiyo iliyotuleta huku bara, katika mji ulio mpakani, upande mmoja Nyamira na upande wa pili Kisii. Nimeambiwa na wenzangu wa nyumbani niieleze habari hii, kwani nao wana watoto wanaochora na wao pia hujiuliza picha zile zina maana gani.

Kwanza niieleze kama ninavyoikumbuka, bila kutia maana. Upande wa kushoto palikuwa na nyumba ya mraba yenye paa la pembe tatu, rangi ya kahawia. Mbele yake walisimama watu watatu wakishikana mikono. Wa kwanza alikuwa mkubwa kuliko nyumba, mweusi kutoka kichwani hadi miguuni. Wa pili alikuwa na nguo nyekundu, wa tatu mdogo. Nyuma yao milima ya kijani, mmoja juu ya mwingine, imejaa nukta nukta. Katikati ya karatasi ulishuka mstari mnene wa buluu. Ng'ambo ya mstari ule, kulia kabisa ukingoni, palikuwa na mtoto mmoja peke yake, mdogo, asiye na mikono. Na juu palikuwa na weusi mwingi uliokwaruzwa kwa nguvu, karatasi karibu kutoboka.

Niliiona usiku, binti amelala, nikashikwa na hofu. Nikajisemea: weusi huu ni huzuni. Mtoto yule ni yeye, amejitenga nasi. Hana mikono kwa kuwa anajiona hana uwezo. Tumemtoa kwa bibi yake, tumemleta kwenye baridi na lugha asiyoijua, na sasa moyo wake umevunjika. Kwa siku tatu nilikuwa nikimtazama kwa jicho la huruma bila kumuuliza neno.

Fikira zile sikuzitunga mimi. Mwaka 1949 Karen Machover, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba jinsi mtu anavyomchora binadamu, ukubwa wake, viungo alivyoviacha na mahali alipomweka, hufichua nafsi ya mchoraji. Madai hayo yakaenea hadi yakafika kwenye mazungumzo yetu ya barazani. Lakini watafiti waliokuja baadaye kuyapima, alama moja moja, hawakuyaona yakisimama imara. Mtoto mwenye furaha huacha mikono, na mwenye huzuni huichora. Watoto wa miaka mitatu au minne aghalabu huchora kichwa chenye miguu tu, bila kiwiliwili, na hata wa miaka sita wengine bado husahau mikono.

Kabla ya hapo, Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyefuatilia michoro ya watoto wake mwenyewe, alikuwa ameeleza jambo lenye manufaa zaidi: mtoto mdogo hachori anachokiona, huchora anachokijua. Ndiyo maana atachora sufuria na maharagwe yakaonekana ndani, kana kwamba bati ni kioo. Basi swali la kumuuliza mtoto ni hili: anajua nini kuhusu mahali hapa? Swali la "anajisikiaje" linaweza kungoja.

Sikupata kujiuliza hilo hadi picha ilipokwisha kuwa majivu. Binti aliitafuta. Nikamwambia ukweli kwamba nimeichoma kwa makosa, akalia. Alipotulia nikamwambia, "Nihadithie basi ilikuwaje." Sikumtajia huzuni wala sikumuuliza kwa nini alikuwa peke yake, maana mtoto akiulizwa hivyo hutoa jibu analodhani mama analitaka.

Akanihadithia. Mweusi mkubwa ni bibi, amevaa buibui, naye amekuja kututembelea. Mkubwa kwa sababu alianza naye, na nafasi ilikuwa tele. Mwekundu ni mimi, na mdogo ni kakake mchanga. Nukta za milimani ni majani chai. Yeye mwenyewe yuko ukingoni kwa sababu karatasi ilikuwa inakwisha. Na mikono?

"Mama, si iko ndani ya sweta! Ilikuwa baridi."

Hapo ningecheka na mambo yakaisha. Lakini nikauliza mstari wa buluu ni nini, akasema ni mto. Mto gani? Ule wa njia ya mkato wanayopitia watoto wakitoka shuleni. Mvua ikinyesha maji hujaa, nao huruka juu ya mawe. Mawe mengine huwa hayaonekani. Wakubwa huvuka kwanza, yeye hubaki nyuma. Huku mvua kubwa hunyesha mchana karibu kila siku, saa ile ile wanayotoka madarasani, na mimi sikujua kama kuna mto njiani.

Kwa hiyo picha ilikuwa na jambo zito kweli, ila halikuwa lile nililolisoma. Kumbe yule mtoto aliyetengwa na mstari alikuwa ng'ambo ya maji halisi, akingoja kuvuka aje nyumbani. Tangu siku ile anapitia barabara ya lami, ingawa ni mbali zaidi, na siku ya mvua namfuata mwenyewe.

Jambo moja hatujaafikiana hadi leo. Mimi naukumbuka weusi wa juu ukiwa juu ya paa la nyumba. Yeye anashikilia kwamba ulikuwa juu ya mto, ni wingu la mvua. Nadhani yeye ndiye mkweli. Mimi nilikuwa nimekwisha amua kwamba huzuni imo nyumbani, na kumbukumbu yangu ikalisogeza wingu mpaka hapo. Picha ingekuwepo, tungetazama tu.

Nilimwomba aichore tena. Akachora, nami nimeketi kando yake, na safari hii yuko katikati yetu, ana mikono, na mto haupo. Ni picha nzuri, lakini ni picha nyingine: ameichora ya kumfariji mama.

Tangu hapo kila mchoro nauandika nyuma: tarehe, rangi zilizokuwepo siku hiyo, na maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema. Mwaka 1998 Julien Gross na Harlene Hayne, watafiti wa New Zealand, walionyesha kwamba watoto wadogo walioachwa wachore huku wakisimulia tukio lililowagusa moyo walieleza mengi zaidi kuliko walioulizwa tu. Kwa hiyo nikiweza, namwacha azungumze kalamu ikiwa bado mkononi.

Na ukiona mchoro wa kutisha, tazama na mtoto mwenyewe. Picha moja haitoshi. Lakini jambo lile lile likirudi picha baada ya picha, naye amebadilika usingizi au chakula, ameanza tena kukojoa kitandani, au anakataa kwenda mahali fulani au kwa mtu fulani, usikae ukifasiri rangi. Mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto, na ukishuku anadhulumiwa, piga 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Kenya.