Paka na maziwa: kwa nini bakuli la maji ni bora zaidi

Katika kaya za wakulima wa kata ya Busi, wilayani Kondoa, paka ni mlinzi wa ghala. Akiwapo, panya hupungua kwenye magunia ya mahindi na vihenge vya mtama na uwele. Akifa katikati ya kiangazi, panya hurudi haraka, na chakula wanachokula hakina mbadala mpaka mavuno yanayofuata. Ndiyo maana wenye nyumba humtunza, na njia ya kumtunza inayojulikana na wengi ni kumwekea maziwa kidogo baada ya kukamua. Makala hii inaeleza kwa nini zawadi hiyo mara nyingi humdhuru, na namna ya kumfanya apate maji ya kutosha wakati wa ukame.

Maziwa yanafanya nini tumboni

Maziwa ya ng'ombe yana sukari ya asili iitwayo laktosi, karibu gramu 5 katika kila mililita 100. Sukari hii haiwezi kuingia mwilini mpaka ivunjwe ndani ya utumbo mwembamba na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Paka mchanga anacho kwa wingi kwa sababu bado ananyonya. Akishaachishwa, kimeng'enya hicho hupungua, kama inavyotokea kwa wanyama wengine wanaonyonyesha.

Sukari isiyovunjwa hushuka mpaka utumbo mpana. Huko huvuta maji kutoka mwilini, na bakteria huichachusha na kutoa gesi. Tumbo hujaa na kunguruma, na baada ya saa chache paka huharisha. Hivyo mnyama aliyepewa maziwa ili asipate kiu anaweza kuishia akiwa amepoteza maji.

Jambo hili lipo pia kwa binadamu, na utafiti mmoja muhimu ulifanyika katika ukanda wetu. Mwaka 2007 timu ya watafiti iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba watu wengi, hasa wa jamii za wafugaji, wana badiliko la urithi linalofanya laktasi iendelee kutengenezwa hata utu uzimani. Badiliko hilo si lile la Wazungu. Lilitokea hapa Afrika peke yake. Kwa hiyo mtu anayekunywa kikombe kizima bila shida huona maziwa ni salama kwa kila kiumbe nyumbani. Lakini paka, ingawa ameishi karibu na mifugo yetu kwa maelfu ya miaka, kwa kawaida hubaki na laktasi kidogo akishakua.

Mbona basi anayapenda? Anachofuata ni mafuta na harufu. Utamu wenyewe hauonji kabisa: mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba kipokezi cha ladha ya sukari katika ulimi wa paka hakifanyi kazi. Kupenda kwake si ushahidi kwamba tumbo linakubali.

Namna ya kupima

Paka hawafanani. Wengine huvumilia kijiko kimoja au viwili, wengine huharisha kwa hicho hicho. Anayeharisha mara kwa mara lakini anakula na kucheza, aachiwe maziwa ya aina zote kwa siku 3, apewe chakula chake na maji tu. Kinyesi kikiganda, chanzo huenda kilikuwa maziwa. Kisipoganda, tafuta sababu nyingine, hasa minyoo. Maziwa ya mbuzi hayatatui tatizo, kwani laktosi yake inakaribia ya ng'ombe. Mtindi una laktosi pungufu, lakini bado inabaki ya kutosha kumsumbua paka mwepesi kuharisha.

Kwa nini haonekani akinywa

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa nchi kavu. Figo zake hukamua maji vizuri na kutoa mkojo mzito, na kiu yake huchelewa kuja. Kwa asili maji yake mengi hutoka katika windo. Tuchukue paka wa kilo 3. Kwa siku anahitaji karibu mililita 150 za maji kutoka kila chanzo. Panya mmoja wa gramu 100 ana karibu mililita 65 za maji katika nyama yake. Akikamata wawili, hana haja kubwa ya bakuli.

Sasa tuseme panya wameadimika, naye anapewa gramu 40 za dagaa wakavu. Humo kuna mililita chache tu za maji. Zaidi ya mililita 140 lazima azinywe mwenyewe, na kwa kuwa kiu yake ni dhaifu, mara nyingi hanywi zote. Hapo ndipo mkojo unapozidi kuwa mzito.

Dawa rahisi ni kuweka maji ndani ya chakula. Chambua dagaa hao hao, waoshe mchanga na chumvi, uwachemshe, kisha uwape pamoja na mililita 100 za supu yao iliyopoa. Usitie chumvi wala kitunguu; kitunguu huharibu damu ya paka. Sasa amebakiza chini ya mililita 50, na hizo atazipata kwa kunywa kidogo kidogo.

Kwa ajili ya hizo weka bakuli pana la udongo au la bati, kivulini, mbali na chakula chake na mbali na mahali anapojisaidia. Lioshwe na maji yabadilishwe asubuhi na jioni, kwa maana paka hukataa maji yenye vumbi au harufu. Bakuli mbili sehemu mbili ni bora kuliko moja. Tunajua maji huchotwa mbali wakati wa kiangazi, lakini mahitaji yote ya paka huyu kwa siku hayafiki hata sehemu moja ya mia ya ndoo ya lita 20. Aliyezoea maziwa anaweza kuanzishiwa kijiko kimoja ndani ya nusu kikombe cha maji, kisha kipunguzwe kila siku mpaka yabaki maji matupu.

Hatari za kutambua mapema

Vuta taratibu ngozi ya katikati ya mabega, kisha iachie. Ikichelewa kurudi, na fizi zikiwa kavu na za kunata, paka amepungukiwa maji. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, au akilia, huenda njia imeziba. Huyo hawezi kusubiri wiki ijayo; anaweza kufa ndani ya siku chache. Afikishwe kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Watoto wa paka wasiondolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Mama akifa, jaribu kwanza kuwaweka kwa paka mwingine anayenyonyesha. Maziwa ya ng'ombe yana protini na mafuta pungufu kuliko ya paka, na mara nyingi huwaharisha. Kwa mtoto wa gramu 300, kuharisha siku moja kunatosha kumuua.

Wanakamati wanaotembelea kaya kukagua maghala wanaweza kuuliza maswali mawili tu: paka anakula nini, na bakuli lake la maji liko wapi. Penye jibu la "anapewa maziwa," kikombe hicho kirudishwe kwa watoto wa nyumba, na paka awekewe maji.