Dari ya Baridi Inayotutunzia Maji

Mtu akiulizwa kwa nini kilele cha Kilimanjaro kina barafu ilhali kiko karibu zaidi na jua kuliko mji wa Moshi, aghalabu husita. Jibu lake ndilo ufunguo wa kuielewa angahewa nzima.

Mwanga wa jua hupita hewani bila kuipasha joto kwa kiasi kikubwa. Huipiga ardhi, ardhi hupata moto, nayo huipasha hewa iliyo juu yake. Hewa yenye joto hupanda, na kadiri inavyopanda hukuta kanieneo ndogo zaidi, ikatanuka, na katika kutanuka ikapoa. Kwa wastani jotoridi hushuka nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila kilomita moja ya kupanda. Tuseme Moshi, karibu mita 850 juu ya bahari, kuna nyuzi 28. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, yaani kilomita tano zaidi. Tano mara 6.5 ni 32.5, ukizitoa kwenye 28, unapata nyuzi nne na nusu chini ya sifuri. Barafu ina sababu ya kukaa pale.

Tabaka hili la chini, ambamo mawingu, mvua na pepo hutokea, huitwa troposfia. Zamani ilidhaniwa kwamba baridi huendelea kuongezeka hadi mwisho wa hewa. Lakini mwaka 1902 Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, aliyekuwa amerusha maputo mengi yenye vipimajoto, alitangaza kwamba kufikia takriban kilomita 11 juu ya Ulaya jotoridi huacha kushuka. Alikuwa amegundua tabaka la pili, stratosfia. Humo gesi ya ozoni hunyonya miali mikali ya jua, ile ya urujuanimno, na kuipasha hewa joto kutoka juu. Kwa sababu hiyo, kadiri unavyopanda ndani yake, joto huongezeka, hata kukaribia sifuri kwenye kilomita 50.

Mpaka wa matabaka hayo mawili ni kama dari. Hewa inayopanda hukuta juu yake hewa yenye joto zaidi na nyepesi kuliko yenyewe, ikashindwa kuendelea. Kwetu, karibu na ikweta, dari hiyo iko kwenye kilomita 16 au 17, juu kuliko ilivyo Ulaya, kwa kuwa joto la ardhi yetu husukuma hewa mbali zaidi. Unaweza kuiona kwa macho. Wingu la radi juu ya Ziwa Viktoria hupanda kama mnara, kisha kichwa chake husambaa na kuwa bapa, mfano wa fuawe ya mhunzi. Hapo limegonga dari. Ukiona kivimbe juu ya ubapa huo, ujue hewa inapanda kwa nguvu nyingi mno hata imeitoboa dari kwa muda. Ndege za abiria, ambazo husafiri kwenye kilomita 10 hadi 12, haziwezi kulivuka wingu la namna hiyo kwa juu, marubani hulizunguka.

Dari hiyo ina kazi ambayo uhai unaitegemea. Hapo jotoridi hufikia nyuzi 80 hivi chini ya sifuri. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke wa maji. Kwenye baridi ile haiwezi kubeba hata sehemu moja ya elfu ya gramu. Mvuke unaopanda huganda kabla ya kuvuka, na sehemu kubwa yake hurudi chini kama mvua. Ungevuka kwa wingi, miali mikali ya juu ingezivunja molekuli za maji, na hidrojeni, iliyo nyepesi mno, ingetorokea angani isirudi tena. Wanasayansi wengi huona kwamba sayari ya Zuhura ilipoteza maji yake kwa njia hiyo.

Juu ya stratosfia, hadi kilomita 85 hivi, kuna mesosfia, ambamo baridi hurudi na vimondo vingi huungua. Kisha huja themosfia. Huko chembe za hewa hufikia nyuzi zaidi ya elfu moja, lakini ni chache mno hata zisiweze kukuunguza. Hata hivyo zipo: mwaka 1967 Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, Kenya, ili kupima jinsi hewa hiyo haba inavyoikwaza setilaiti katika mwendo wake.

Matabaka yote hayo, basi, hutenganishwa na swali moja tu: hewa ya mahali pale hupata joto lake kutoka wapi? Na maji tunayochota visimani yangali nasi kwa sababu, kilomita 16 juu yetu, joto la ardhi limekwisha na la ozoni halijaanza.