Kifaranga wa Kanga Kwenye Pakiti ya Bisi

Mhusika wa chapa, yaani kiumbe cha kuchorwa kinachoiwakilisha bidhaa mbele ya mnunuzi, na ambacho watu wa matangazo hukiita maskoti, kwa kawaida huchorwa kwenye skrini pana ya kompyuta na kuidhinishwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, ilhali mtoto atakutana naye kwenye pakiti ndogo ya plastiki iliyoning'inizwa nyuma ya nondo za duka la mtaani. Tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo huharibu michoro mingi iliyokuwa mizuri. Tabasamu huziba, macho hugeuka kuwa mashimo meusi, na kiumbe aliyekusudiwa kumchekea mtoto huonekana amenuna. Dawa yake ni kuanza kazi kutoka upande wa pili, yaani kumchora mhusika kwanza katika ukubwa mdogo kuliko wote atakaochapishwa, akishapendeza hapo ndipo akuzwe na kuongezewa mapambo.

Ili jambo hili lieleweke vizuri, ifikiriwe pakiti ya bisi za watoto yenye upana wa milimita 90 na urefu wa milimita 130, ambayo mbele yake mhusika atakuwa na kimo cha milimita 45, na nyuma, kando ya orodha ya viambato, atakuwa na milimita 8 tu. Mnyama wa kuchorwa anahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu, kwa sababu wanyama wengi wa Afrika Mashariki wameshapewa tabia katika hadithi na misemo kabla mchoraji hajawagusa. Fisi ni mlafi, na komba, ambaye macho yake makubwa yangemfaa sana mchoraji, amezoeleka katika usemi wa watu kama mlevi wa tembo la mnazi, sifa ambayo hakuna mzazi angeipokea kwenye chakula cha mtoto. Kanga ni chaguo zuri zaidi: hula punje, watoto wa vijijini na wa mijini humtambua kwa madoa yake, na umbo lake la mwili wa mviringo wenye kichwa chenye upanga halifanani na la kuku wala la bata.

Hata hivyo, kanga halisi si ndege wa kupendeza usoni, kwa kuwa kichwa chake hakina manyoya, ngozi yake ni ya samawati, na pembeni mwa mdomo huning'inia vipande vya nyama vyekundu. Hapa mchoraji husaidiwa na wazo la Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, ambaye mwaka 1943 alieleza kwamba binadamu huvutwa kumlea na kumpenda kiumbe mwenye maumbile ya kitoto: kichwa kikubwa kuliko kawaida, paji la uso pana, macho makubwa yaliyokaa chini ya katikati ya uso, mashavu ya mviringo na viungo vifupi. Mwaka 1979 mwanabiolojia wa Marekani, Stephen Jay Gould, alipima michoro ya Mickey Mouse ya vipindi mbalimbali, akaonyesha kwamba kadiri miaka ilivyopita kichwa na macho ya panya huyo vilizidi kukua kulinganisha na mwili, naye akazidi kuwa mpole. Jambo la thamani kwa mchapishaji ni kwamba sifa zote hizo ni za uwiano, si za mistari midogo midogo, na uwiano haupotei mchoro unapopunguzwa. Dick Bruna, mchoraji wa Uholanzi aliyemuumba sungura Miffy mwaka 1955, aliutumia ukweli huo kwa ujasiri mkubwa, kwani uso wa sungura huyo ni nukta mbili na alama ya mkasi tu, na watoto wa nchi nyingi wamempenda hivyo hivyo.

Kwa hiyo kanga wa pakiti ya bisi atapewa maumbile ya kifaranga, ingawa kifaranga halisi wa kanga ana michirizi ya kahawia na hana madoa. Uhuru huo mchoraji anao, mradi mtoto amtambue ndege. Kichwa kitachukua nusu ya kimo chote, upanga utageuzwa kuwa kinundu laini cha mviringo, na vile vipande vyekundu vitakuwa mashavu mawili. Mdomo utakuwa umbo moja la njano lisilo na mstari wa kutenganisha juu na chini, kwa sababu mdomo uliofunguliwa huacha nafasi nyembamba ambayo wino huiziba, na mdomo ulioziba nusu humfanya ndege aonekane ana hasira.

Kuziba huko kunatokana na namna plastiki inavyochapishwa. Pakiti nyingi za vitafunwa huchapishwa kwa fleksografia, ambayo ni njia ya kutumia sahani laini za polima zilizofungwa kwenye silinda, ambapo sehemu zilizoinuka hupakwa wino na kugandamizwa kwenye plastiki inayopita kwa kasi. Kwa kuwa sahani ni laini, kila umbo hutanuka kidogo linapogandamizwa, hivyo mstari wa wino hunenepa na nafasi nyeupe iliyo kati ya wino na wino hupungua. Ndiyo sababu mstari mweupe ndani ya rangi huhitaji upana zaidi kuliko mstari wenye rangi. Kila kiwanda kina vipimo vyake, ambavyo mchoraji anapaswa kuviomba kabla ya kuanza, lakini kwa mfano huu inatosha kuchukua milimita 0.2 kuwa unene mdogo wa mstari wenye rangi na milimita 0.3 kuwa upana mdogo wa nafasi nyeupe.

Hesabu inayofuata ni rahisi, na inashangaza kwamba wachoraji wengi hawaifanyi. Ikiwa mchoro wa kazi una kimo cha milimita 100, kuupunguza hadi milimita 8 ni kuuzidisha kwa 0.08. Mstari wa milimita 1, ambao kwenye skrini unaonekana wa kutosha kabisa, utabaki na milimita 0.08 na kukatikakatika. Ili ufike milimita 0.2 ni lazima uchorwe kwa milimita 2.5, na nafasi nyeupe ni lazima iwe karibu milimita 4. Madoa ya kanga ndiyo yanayoumia zaidi. Mchoraji anayejali uhalisia ataweka madoa meupe mengi yenye kipenyo cha milimita 1.5, ambayo yakipunguzwa yatakuwa milimita 0.12, yataziba, na mwili utabaki wa buluu chafu isiyo na doa lolote. Madoa tisa ya milimita 6 yatakuwa na karibu milimita 0.5 kila moja, yataonekana meupe na safi, na mtoto bado atajua kwamba huyu ni kanga, kwa sababu anachokitambua ni kuwapo kwa madoa, wala hayahesabu.

Macho yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Kila rangi huchapishwa na sahani yake, na plastiki huvutika na kuyumba kidogo inapotoka sahani moja kwenda nyingine, hivyo rangi moja inaweza kukaa milimita 0.3 nje ya mahali pake. Kulingana kwa rangi za sahani hizo mahali pake ndiko wachapishaji hukuita rejista. Ikiwa jicho lina duara jeupe lililozungukwa na buluu ya kichwa, na mboni nyeusi ya sahani nyingine ikaachwa katikati na ukingo mweupe wa milimita 0.3, rejista ikiyumba kidogo tu ukingo huo utatoweka upande mmoja, na kanga atakuwa na makengeza. Njia salama ni kuuacha uso wote uwe eneo moja jeupe, kisha macho yawe nukta mbili za buluu iliyokoza, zilizoachana vizuri na kukaa chini ya mstari wa katikati, zikichapishwa na sahani ile ile inayochapa mwili. Macho hayo yatabaki mahali pake ndani ya uso hata rangi nyingine zikihama, na mashavu au mdomo ukisogea kwa kipimo hicho, hakuna atakayegundua. Nyusi ni bora ziachwe kabisa, maana zikigusana na jicho kwa sababu ya wino kutanuka, upole wote wa uso huondoka.

Mhusika huyu anahitaji buluu iliyokoza, njano na nyekundu, kila moja ikiwa wino ulioandaliwa tayari badala ya kuchanganywa kwa nukta za rangi nyingine juu ya plastiki, kwa sababu umbo dogo lililotengenezwa na sahani mbili huota kivuli cha rangi pembeni rejista inapoyumba. Plastiki ikiwa angavu, wino mweupe huhitajika nyuma ya rangi zote, la sivyo bisi zilizomo ndani zitaonekana kupitia usoni mwake. Tabaka hilo jeupe hurudishwa ndani kidogo kutoka kwenye kingo, lisichungulie nje ya mchoro.

Kwa upande wa mbele, kifaranga yule yule hukuzwa hadi milimita 45 na hapo anaweza kuongezewa nuru nyeupe ndani ya jicho, vidole vya miguu na madoa machache zaidi. Yanapatikana hivyo matoleo mawili ya mhusika mmoja, kama wachonga herufi za risasi walivyokuwa wakichonga herufi za ukubwa mdogo kwa mistari iliyo minene zaidi kwa uwiano kuliko ile ya herufi za ukubwa mkubwa. Pakiti ikijazwa hewa huvimba na kupinda pembeni, kwa hiyo uso hukaa katikati, mbali na mshono wa mgongoni na mbali na mikunjo iliyobanwa juu na chini.

Kabla ya sahani kutengenezwa, mchoro mdogo unapaswa kujaribiwa, na hapa printa ya ofisini hudanganya, kwa kuwa huchapa kwa ukali usiopatikana kwenye plastiki. Ni afadhali mchoro upunguzwe kwanza hadi kimo cha milimita 8 ndani ya programu ya kuchorea, kila umbo la rangi linenepeshwe kwa milimita 0.1 pande zote, ndipo uchapishwe na kutazamwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kisha watoto wa miaka minne hadi sita waulizwe mmoja mmoja, maana wakiwa pamoja hufuata jibu la wa kwanza. Kwanza waonyeshwe umbo lote likiwa limejazwa weusi, waseme ni mnyama gani. Baadaye waonyeshwe uso, waseme anajisikiaje. Wakimwita kuku, kinundu cha kichwani na mgongo ndivyo vya kurekebishwa. Wakisema amekasirika au ana usingizi, kosa karibu kila mara liko kwenye nafasi kati ya jicho na umbo lililo jirani yake.

Kuna mpaka mmoja ambao mchoro mzuri hauwezi kuuvuka. Uso unaopendwa na watoto una nguvu ya kuwauzia chakula wasichoweza kukipima wenyewe, na kwa sababu hiyo Chile ilianza mwaka 2016 kukataza wahusika wa kuwavutia watoto kwenye vyakula vilivyozidisha sukari, chumvi, mafuta au kalori, hata simbamarara wa Kellogg's akaondolewa kwenye maboksi ya huko. Mtengenezaji wa bisi anayemlipa mchoraji kwa ajili ya kifaranga mwenye macho ya upole anapaswa kukubaliana naye, siku ile ile vipimo vya mistari vinapoandikwa, ni kiasi gani cha chumvi na sukari kitakachowekwa ndani ya pakiti hiyo.