Jedwali Linapomuumbua Mhesabuji

Wanafunzi wamening'iniza jiwe kwa uzi wa mita 1, wakapima muda wa mibembeo 20.

| Jaribio | Muda (s) |
|---|---|
| 1 | 40.2 |
| 2 | 40.4 |
| 3 | 38.2 |
| Wastani | 39.6 |

Kipimo kimeandikwa juu ya safu, hivyo chini zinabaki namba tupu. Wastani ukigawanywa kwa 20 unatoa sekunde 1.98, na mvutano wa dunia unakuwa 10.07 m/s². Thamani rejea karibu na ikweta ni 9.78.

Kosa liko wapi? Jaribio la 3 limepungua sekunde 2, sawa na mbembeo mmoja: mhesabuji aliishia 19. Likirudiwa na kutoa 40.0, wastani unakuwa 40.2 na jibu 9.77. Namba mbovu usiifute. Ikate kwa mstari mmoja, uandike sababu.